Nondo zimepanda, bei ya mkataba haipandi: uchambuzi wa taarifa moja ya tahadhari ya mapema

Mkandarasi aliyesaini mkataba wa bei isiyobadilika, halafu nondo zikapanda kwa robo, kwa kawaida hufanya moja kati ya mambo mawili. Hukaa kimya akitumaini bei itashuka kabla hajafika slabu inayofuata, au huandika barua ya kulalamika yenye tarakimu kubwa na kuomba mwajiri "aangalie suala hili kwa jicho la huruma". Barua za aina hiyo nimezisoma nyingi, na jibu lake huwa mstari mmoja: rejea masharti ya mkataba wako.

Kuna njia ya tatu, nayo imeandikwa ndani ya mkataba huohuo. Mikataba mingi ya ujenzi Afrika Mashariki iliyotokana na fomu ya Benki ya Dunia ya kazi ndogo ina kifungu cha tahadhari ya mapema. Kinamtaka mkandarasi amwonye meneja wa mradi, mapema iwezekanavyo, kuhusu tukio au hali inayoweza kushusha ubora wa kazi, kuongeza bei ya mkataba au kuchelewesha kazi. Meneja anaweza kumtaka atoe makadirio ya athari, kisha wote wawili washirikiane kutafuta namna ya kuikwepa au kuipunguza. Mikataba ya NEC ya Uingereza ina wazo hilohilo na imelipa nafasi kubwa zaidi.

Nachambua hapa kisa kimoja cha matumizi ya kifungu hicho. Mradi ni wa mfano na tarakimu zake nimezipanga ili hesabu ifuatike kirahisi, ila mazingira ni ya kweli: ni miezi ya mwanzo ya mwaka 2022.

Mradi ulipokuwa umefikia

Ni bweni la wanafunzi Dodoma: sakafu ya chini na ghorofa tatu, fremu ya zege, kuta za tofali. Bei ya mkataba ni shilingi bilioni 3.2, muda wa kazi miezi 14, na zabuni ilijazwa Julai 2021. Masharti maalumu yalisema wazi kwamba bei hazitarekebishwa kwa mabadiliko ya gharama za vifaa. Jedwali la vipimo na bei lilikuwa na tani 148 za nondo. Mkandarasi alizijazia shilingi 2,900,000 kwa tani iliyokatwa, kukunjwa na kufungwa. Ndani ya bei hiyo alikuwa amehesabu nondo zenyewe kwa shilingi 2,150,000 kwa tani iliyofikishwa saiti. Tarakimu hii ya pili haionekani kwenye jedwali, imo kwenye karatasi zake za kukokotolea bei, na ndiyo itakayobeba kisa chote.

Kufikia katikati ya Machi 2022 msingi ulikuwa umekamilika na slabu ya ghorofa ya kwanza imemwagwa. Tani 54 zilikuwa zimeshatumika au ziko saiti, zimebaki 94: tani 30 za ghorofa ya pili, 30 za ghorofa ya tatu, na 34 za slabu ya juu pamoja na mihimili yake.

Chuma kilikuwa tayari kimepanda mwaka 2021. Mei mosi ya mwaka huo China iliondoa marejesho ya kodi kwa bidhaa nyingi za chuma zinazouzwa nje, na dunia ilikuwa ikijenga upya baada ya korona. Kisha tarehe 24 Februari 2022 Urusi iliivamia Ukraine. Nchi zote mbili zilikuwa wauzaji wakubwa wa chuma ghafi cha vipande, kile ambacho viwanda vya nondo hukipasha moto na kukibana kati ya roli kuwa nondo. Kiwanda kinachotegemea vipande vya kuagiza hakisubiri meli ya bei mpya ifike ndipo kipandishe bei. Hupandisha siku kinapoambiwa meli ijayo itagharimu kiasi gani. Ndiyo maana profoma zilianza kuandikwa "bei hii ni halali kwa siku saba", na nyingine siku tatu.

Kwenye mradi wetu bei ilikwenda hivi: Januari profoma ilisema 2,200,000 kwa tani, tarehe 28 Februari 2,500,000, na tarehe 14 Machi 2,700,000.

Rasimu iliyokaribia kutumwa

Mhandisi wa saiti aliandika rasimu ya kwanza kwa hasira. Alichukua tani zote 148, akaenda kuuliza bei duka la vifaa mjini, akaambiwa nondo ya milimita 12 ni bei ambayo kwa tani inafika 2,800,000. Akatoa 2,150,000, akapata tofauti ya 650,000, akazidisha: shilingi milioni 96.2. Chini yake akaandika "tunaomba kulipwa".

Kuna kasoro tatu hapo, na meneja yeyote angeziona kabla hajamaliza kunywa chai. Tani 54 zilikwisha kununuliwa kwa bei ya zamani, hazina hasara yoyote inayohusiana na bei ya Machi. Bei ya duka la rejareja si bei ambayo mkandarasi wa tani mia huinunulia. Na neno "kulipwa" linageuza onyo kuwa dai, wakati dai la namna hiyo mkataba umeshalikataa. Meneja akikuta kasoro hata moja ya aina hii, haamini tena tarakimu nyingine yoyote iliyomo kwenye barua, hata ile iliyo sahihi.

Mkadiriaji majenzi wa mkandarasi aliikalia rasimu siku moja. Alianza na orodha ya ukataji na ukunjaji nondo, si na jedwali la vipimo. Jedwali linapima nondo kama zilivyochorwa, na vipande vinavyobaki baada ya kukata nondo za mita 12 havilipwi popote, ni vya mkandarasi. Kwa saiti hii upotevu ulikuwa asilimia 4. Kwa hiyo tani 94 za michoro ni karibu tani 98 za kununua. Akaongeza tani 12 za chuma chepesi cha fremu za paa, grili na reli za ngazi, ambacho kilikuwa kimepanda kutoka 2,900,000 hadi 3,500,000. Hesabu yake ikawa milioni 53.9 kwa nondo na milioni 7.2 kwa chuma chepesi, jumla milioni 61.1.

Kisha akafanya jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lililoiokoa taarifa nzima: aliigawa hasara kwa mujibu wa nani anaibeba.

Sehemu kubwa ni ya mkandarasi mwenyewe, hapana ubishi. Lakini kulikuwa na tani 30 za ghorofa ya pili zenye historia. Januari mkandarasi alipata profoma moja ya ghorofa ya kwanza na ya pili kwa pamoja, kwa 2,200,000. Mwajiri akawa anabadilisha mpangilio wa vyumba vya ghorofa ya pili, na michoro iliyopaswa kutoka tarehe 10 Januari ikatoka tarehe 4 Februari. Mkandarasi akanunua nondo za ghorofa ya kwanza tu, nusu ya profoma, kwa kuwa huwezi kununua nondo za mchoro usioujua. Nondo za ghorofa ya pili zilizobaki bila kununuliwa, pamoja na upotevu, ni tani 31.2. Tofauti ya 2,200,000 na 2,700,000 inatoa milioni 15.6. Hii ina hoja, kwa sababu kuchelewa kutoa michoro ni tukio la fidia kwenye mkataba.

Halafu kuna mnara wa tanki la maji. Mwajiri aliuomba Februari, haukuwamo kwenye zabuni, na unahitaji tani 9. Kazi ya nyongeza inayofanyika wakati ambao gharama yake imebadilika haifungwi na bei ya zamani ya jedwali. Kwa hiyo ongezeko la nondo zake, karibu milioni 5.1, ni la mwajiri.

Taarifa yenyewe

Iliyotumwa tarehe 14 Machi ilisomeka hivi, nimeacha anwani na namba za kumbukumbu:

> Kwa: Meneja wa Mradi
>
> YAH: TAARIFA YA TAHADHARI YA MAPEMA – ONGEZEKO LA BEI YA NONDO NA CHUMA CHEPESI
>
> Tunatoa taarifa hii chini ya kifungu cha tahadhari ya mapema. Si dai la malipo.
>
> Bei ya nondo kutoka kiwandani, iliyofikishwa saiti, imepanda kutoka shilingi 2,150,000 kwa tani tuliyoitumia kwenye zabuni hadi 2,700,000 leo. Profoma tatu zimeambatanishwa. Nondo ambazo hazijanunuliwa ni tani 98, pamoja na tani 12 za chuma chepesi.
>
> Bei ikibaki ilipo, gharama itazidi kwa shilingi milioni 61.1. Ikipanda asilimia 10 zaidi itazidi kwa takriban milioni 92. Nondo zikishuka hadi 2,400,000, na chuma chepesi kikishuka kwa kiwango kinacholingana, takriban milioni 27. Mnara wa tanki haumo kwenye tarakimu hizi. Una ongezeko lake la milioni 5.1.
>
> Tunavyoelewa mkataba: milioni 45.5 ni za mkandarasi. Milioni 15.6 zinahusiana na michoro ya ghorofa ya pili na tutaziwasilisha kwa utaratibu wake. Milioni 5.1 ni sehemu ya bei ya kazi ya nyongeza.
>
> Athari kwa muda: kwa bei ya leo nondo za ghorofa moja ni shilingi milioni 84. Uwezo wetu wa fedha ni kununua ghorofa moja kwa wakati, na hati ya malipo hulipwa ndani ya siku 28. Tusipopata suluhisho, tunatarajia pengo la wiki tatu kati ya ghorofa ya pili na ya tatu.
>
> Tunapendekeza tukutane kabla ya tarehe 18 Machi kujadili: (a) malipo ya nondo zilizopo saiti, (b) mapitio ya usanifu wa nondo za ghorofa ya tatu na slabu ya juu, (c) kuahirisha ununuzi, (d) kugawana ongezeko. Maelezo ya kila njia yako kwenye kiambatisho. Profoma ya tani 62.4 kwa 2,620,000 inaisha muda tarehe 21 Machi.

Angalia sentensi ya pili. Maneno manne tu, lakini yalimfanya meneja aendelee kusoma. Angalia pia aya ya muda wa kazi. Mwajiri mwenye mkataba wa bei isiyobadilika anaweza kusema kupanda kwa nondo hakumhusu, na kwa upande wa bei yuko sahihi. Kinachomhusu ni mkandarasi kuishiwa fedha katikati ya ghorofa na wanafunzi kukosa bweni Oktoba. Taarifa ilimwonyesha hatari yake yeye.

Na tarehe ya mwisho wa profoma iliwekwa ndani ya barua, haikuachwa kwenye kiambatisho. Fomu inasema "mapema iwezekanavyo", haitaji siku. Siku zinatajwa na kiwanda.

Kikao

Walikutana tarehe 17 Machi ofisi ya saiti. Meneja alianza kwa swali ambalo kila mkandarasi ajiandae nalo: "Mhandisi, bei hii umeisaini mwenyewe. Mimi unataka nifanye nini ambacho mkataba unaniruhusu?" Mkadiriaji alimfungulia kiambatisho.

Njia ya kuahirisha ununuzi ilikufa kwanza, na ilikufa kwa hesabu. Saiti hii ilikuwa inakula shilingi milioni 18 kwa mwezi kwa walinzi, mafundi wa kudumu, kukodi mitambo na ofisi. Kusubiri miezi mitatu ni milioni 54. Hata bahati ikiwaangukia, nondo zishuke hadi 2,400,000, wangeokoa laki tatu kwa tani kwenye tani 98, yaani milioni 29.4. Wangepoteza hata kama wameshinda kamari. Nimeona miradi ikisubiri bei ishuke bila mtu kukaa na kufanya hesabu hii ya mistari miwili.

Njia ya kugawana ongezeko meneja aliikataa papohapo. Bei isiyobadilika haigeuzwi kwa makubaliano ya kikao, na mwajiri ni taasisi inayokaguliwa. Kwa wenzetu wa Kenya mlango huu umefungwa na sheria yenyewe: kifungu cha 139 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uondoaji wa Mali ya 2015 hakiruhusu bei ya mkataba kupandishwa ndani ya miezi 12 tangu kusainiwa. Mtu mmoja kikaoni akauliza kuhusu fungu la dharura, ambalo lilikuwa na milioni 55 zilizobaki. Meneja akaeleza kwamba fungu hilo ni fedha ya mwajiri, hutumika kwa maagizo ya meneja juu ya kazi ambazo hazikutarajiwa, si kumlipia mkandarasi hatari aliyokwisha kuipokea. Mnara wa tanki ungeweza kulipwa humo, tofauti ya bei ya nondo haiwezi.

Zikabaki mbili.

Malipo ya nondo zilizo saiti

Kwenye fomu ya namna hii mkandarasi hulipwa kazi iliyokamilika. Nondo iliyolala uwanjani bado si kazi. Pendekezo lilikuwa kusaini nyongeza ya mkataba inayomruhusu meneja kuingiza kwenye hati ya malipo asilimia 80 ya ankara ya nondo zilizofika saiti, kisha kiasi hicho kikatwe kadiri nondo zinavyofungwa. Bei ya mkataba haiguswi. Kinachobadilika ni lini fedha inatoka.

Mkandarasi angenunua ghorofa mbili kwa mpigo, tani 62.4 kwa 2,620,000, ambayo ni shilingi 80,000 chini ya bei ya ununuzi mdogo. Hiyo peke yake ni milioni 5, lakini faida kubwa ni kwamba tani hizo zinakuwa zimetoka kwenye hatari ya kupanda tena.

Meneja alikuwa na hofu mbili. Ya kwanza: je, mwajiri hatajikuta amelipa nondo zaidi ya zinavyostahili? Mkadiriaji akamfungulia ile karatasi ya kukokotolea bei. Asilimia 80 ya 2,620,000 ni 2,096,000, chini ya 2,150,000 iliyomo ndani ya bei ya jedwali. Wakakubaliana kuandika ukomo: chochote kitakachotokea, malipo ya nondo za saiti hayatazidi 2,150,000 kwa tani. Hapo mwajiri hawezi kubeba ongezeko kwa mlango wa nyuma. Wakandarasi wengi huficha karatasi hiyo kwa kuogopa kuonyesha faida yao. Hapa kuionyesha ndiko kulikopata saini.

Hofu ya pili ilikuwa ya mali yenyewe. Nyongeza ikasema nondo zikishalipiwa ni mali ya mwajiri, zikatiwe bima, zipangwe kwa kipenyo juu ya magogo zisiguse udongo, zifunikwe, na zihesabiwe pamoja kila mwisho wa mwezi. Kutu nyepesi ya rangi ya chungwa haina madhara kwa mshiko wa zege. Inayobanduka magamba ukiipiga kwa nyundo ndiyo isiyokubalika.

Kilichokwamisha ni kalamu. Kikao kilikwisha tarehe 17, mwanasheria wa mwajiri akasaini tarehe 28. Profoma ilikwisha muda tarehe 21. Kiwanda kikatoa nyingine ya 2,660,000. Asilimia 80 yake ni 2,128,000, bado ndani ya ukomo, kwa hiyo mpango haukuvunjika, lakini punguzo lilikatika nusu. Laiti rasimu ya nyongeza ingeambatanishwa na taarifa ya tarehe 14, mwanasheria angeanza siku tatu kabla.

Usanifu, na nondo zilizokuwa nyepesi

Njia ya usanifu ndiyo iliyonifurahisha zaidi kama mtu wa fani. Mhandisi mshauri alisanifu kwa nondo ya nguvu ya niutoni 460 kwa milimita ya mraba, wakati kiwanda kinauza nondo iliyopigwa chapa 500. Kwa makaratasi, nguvu ya ziada ingeruhusu eneo la chuma lipungue asilimia 8. Kwa vitendo haifiki hapo. Slabu ina kiwango cha chini cha nondo kisichoshuka, na penye hofu ya kupinda au kupasuka nguvu ya chuma haisaidii. Mhandisi alikadiria asilimia 4 kwenye ghorofa ya tatu na slabu ya juu. Ni tani 2.6, ambazo kwa bei ya jedwali zingempunguzia mwajiri karibu milioni 7.5, zaidi ya ongezeko la mnara wa tanki. Alitaka sharti moja: majaribio ya kuvuta kutoka kwa mzigo wenyewe, si cheti cha kiwanda.

Lori zilipofika zilipitishwa kwenye mizani, kisha wakapima nondo moja moja. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inapaswa kuwa na kilo 10.66. Hizi zilikuwa na wastani wa kilo 10.2, pungufu kwa asilimia 4.3. Kiwango cha BS 4449 kinaruhusu hadi asilimia 4.5 kwa nondo zinazozidi milimita 8, kwa hiyo mzigo haukuwa mbovu kisheria. Anayenunua kwa kuhesabu nondo hapa amepunjwa bila kujua. Anayenunua kwa mizani amepata mita nyingi zaidi kwa tani ileile, na kwa kuwa jedwali hulipa kwa uzito wa nadharia, mkandarasi alifidia upotevu wake wote wa kukata. Bei za chuma zikipanda, uwe na mizani karibu.

Kisha majibu ya maabara yakaja: wastani wa 502. Mhandisi wa saiti akashangilia. Mhandisi mshauri akauliza nguvu hiyo imegawanywa kwa eneo lipi. Maabara ilikuwa imepima kipenyo halisi cha sampuli na kutumia eneo hilo dogo. Kiwango kinataka eneo la jina, la milimita 12 kamili, kwa sababu ndilo alilotumia msanifu. Ukigawanya kwa eneo la jina, 502 inakuwa 480. Inatosha kwa usanifu wa 460, haitoshi kuitwa 500. Akakataa kupunguza nondo hata moja ya ghorofa ya tatu, ambayo ilikuwa inatumia mzigo huu. Slabu ya juu ikabaki wazi kusubiri mzigo mwingine, na matarajio ya tani 2.6 yakashuka hadi 1.4.

Zile milioni 15.6

Dai la michoro iliyochelewa lilikwenda kwa njia yake, na hapa taarifa ya tahadhari ilimgeukia aliyeiandika. Meneja alikubali hoja yenyewe. Profoma ya Januari ya ghorofa mbili, iliyolipwa nusu, ilikuwa ushahidi mzuri kuliko maelezo yoyote. Lakini alikuwa na profoma nyingine mkononi, ambayo mkandarasi mwenyewe aliiambatanisha: ile ya tarehe 28 Februari, yenye 2,500,000. Siku hiyo mkandarasi alishajua bei inakwenda wapi, na michoro alikuwa nayo tangu tarehe 4. Fomu hii inasema mkandarasi hastahili fidia kwa kiasi ambacho maslahi ya mwajiri yameathirika kwa sababu hakutoa tahadhari mapema. Kama angeandika tarehe 28, njia ya kulipia nondo za saiti ingeanza wiki mbili kabla.

Mkandarasi alijitetea kwamba bado alikuwa anathibitisha bei. Meneja akamwonyesha kwamba kifungu kinadai onyo la jambo linaloweza kutokea, si lililothibitishwa, na makadirio yangefuata baadaye.

Hesabu ikafanywa upya kwa tofauti ya 2,200,000 na 2,500,000: tani 31.2 mara laki tatu. Zikathibitishwa shilingi milioni 9.36. Milioni 6.24 zilizobaki, thamani ya wiki mbili za ukimya, zikarudi upande wa mkandarasi.